Hodi ya Kila Dakika Tano

Katika miaka yangu ya kwanza ya ndoa, umeme ukikatika Kasese mume wangu alinipigia simu. Haikupita mara hata moja bila yeye kupiga. Kabla maji ya chai hayajachemka juu ya sigiri, simu ilikuwa inaita.

"Mama watoto, umeme umeenda?"

"Umeenda."

"Mko sawa lakini?"

"Tuko sawa."

"Haya. Ukirudi nitajua."

Nilikuwa nikiyasimulia mazungumzo hayo kwa jirani yangu, muuza samaki, ambaye mume wake alikuwa Hima kwenye kiwanda cha saruji na hakumpigia hata kwenye sikukuu. Jirani alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Huyo wako ana mapenzi ya kwenye redio." Mimi nilicheka, lakini moyoni nilikubaliana naye. Sikujiuliza mtu aliye Bwera, mpakani mwa Kongo, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari, anajuaje kwamba taa ya sebuleni kwangu imezimika. Nilidhani Bwera nako umeme unakatika wakati uleule. Au sikudhani chochote. Mtu akipendwa haulizi njia.

Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta. Siku za kazi alikaa Bwera, akiwa na kibanda chake kwenye safu ya maduka ya barabara inayoteremka kwenda Mpondwe, na mwisho wa juma alirudi nyumbani. Mimi nilikuwa mpiga picha. Nilizaliwa Hima, baba yangu alitoka Kenya magharibi kuja kufanya kazi kiwandani, na Kiswahili ndicho tulichozungumza mezani. Nilipiga picha za harusi, za komunyo ya kwanza, za pasipoti, na katika msimu wa harusi nilienda popote nilipoitwa, Muhokya, Bwera, hata Nyakalengija kule chini ya milima. Nyumbani tuliishi na binti yetu aliyekuwa ameanza shule, pamoja na mama mkwe, Mkonzo wa milimani aliyeteremka mjini kwa sababu ya ugonjwa wa sukari na aliyelalamikia joto la Kasese kila siku.

Tulikuwa pia na seva. Ndivyo mume wangu alivyoiita, nami mwanzoni nilicheka, maana ilikuwa kompyuta kuukuu ya mapajani iliyovunjika kioo, imelazwa juu ya meza ya kona sebuleni, imeunganishwa na diski mbili na kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani. Wapiga picha wa Kasese na Bwera walikuwa wakituma picha zao humo jioni ili zisipotee kompyuta zao zikiibwa au zikiingia virusi. Picha zangu zote zilikuwa humo. Mama mkwe alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma kama anavyofunika redio, mume wangu akakiondoa akisema mashine inahitaji hewa, naye akakirudisha. Vita hiyo haikuisha.

Nilichokuja kujua, nilikijua kwa sababu ya pasi.

Ilikuwa jioni, nataka kupiga pasi sare za binti yangu, na ukutani hapakuwa na tundu lililobaki wazi. Nikachomoa plagi moja, nikachomeka pasi. Nilikuwa kwenye sketi ya pili simu ilipoita.

"Mama watoto, umeme umeenda?"

"Upo. Napiga pasi."

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, na sauti ya mwanamke ikisema kitu karibu kabisa na simu.

"Umechomoa nini ukutani?" akauliza.

Nikaangalia. Taa za kijani za kile kisanduku zilikuwa zimelala.

"Nani amekwambia nimechomoa?"

"Rudisha kwanza. Nitakueleza nikija."

Nilirudisha. Sare ya juu haikupata pasi siku ile. Nilikaa kwenye kochi nikiikodolea macho ile mashine kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake anaelewa lugha aliyokuwa anamsengenya nayo.

Jumamosi alikuja, akala bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, akajifuta mikono, akanieleza bila wasiwasi wowote. Alisema mashine ikizimika haiwezi kutangaza kwamba imezimika. Haina mdomo tena. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa nje, aliye mbali, asiyetegemea umeme wetu wala intaneti yetu. Huko nje, katika nchi fulani, kuna huduma ya kukagua. Kila dakika tano seva yetu inafungua anwani yake maalumu kwenye mtandao, basi, kama mtu anayepiga hodi mlangoni na kuendelea na safari. Mkaguzi hafanyi kazi nyingine ila kusubiri hodi. Ikichelewa anavumilia kidogo, dakika kumi hivi, kwa sababu mtandao wetu una mambo yake. Zikipita bila hodi, anatuma ujumbe kwamba nyumba imenyamaza. Hodi ikirudi, anatuma mwingine kwamba imerudi.

"Kwa hiyo hajui kama ni umeme au ni pasi," nikasema.

"Hajui. Anajua kimya tu. Sababu tunatafuta wenyewe."

"Na ujumbe anakutumia wewe."

Hapo akachukua kijiti cha kuchokolea meno.

"Simu yangu mimi si unaijua. Naitoa laini kila saa nijaribie laini za wateja. Nikivuka upande wa Kongo, network inakufa. Ujumbe unaenda kwa mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Yule tulisoma naye Kampala. Akaunti ni ya kwake. Anaangalia mashine za watu wengi. Ofisi yake iko milango mitatu kutoka kwangu."

"Anakupigia simu?"

"Aa, kupiga simu ya nini? Anakuja tu kuniambia."

Nadhani alisema hivyo ili kunituliza. Mimi nilikumbuka ile sauti ya mwanamke karibu na simu yake, nikaanza kuhesabu. Kasese umeme unakatika mara ngapi kwa juma? Siku za mvua ni asubuhi na jioni. Kila ulipokatika, mwanamke mmoja aliinuka kwenye kiti chake Bwera, akatembea milango mitatu, akaegemea kibanda cha mume wangu akamwambia, nyumbani kwako kumenyamaza. Ndipo mume wangu akakumbuka kwamba ana mke. Yale mapenzi ya kwenye redio niliyokuwa nikimtambia muuza samaki yalipitia kwanza mkononi mwa mwanamke mwingine, yakaja kwangu yakiwa yameshafunguliwa.

Sikulala vizuri juma lile. Nikafanya jambo la kitoto: umeme ulipokatika na simu ikaita, sikupokea. Alipiga tena na tena. Halafu ikaja namba nisiyoijua, nikapokea kabla sijafikiri.

"Allo, yaya? Ni wa Bwera. Bwana yako anahangaika. Kura iko ku nyumba?"

Kura ndivyo wanavyouita umeme watu wa upande wa Butembo, kule Kongo, na yaya kwao ni dada. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu asiye na haraka. Hiyo pia sikuipenda. Nilikuwa nimejitengenezea kichwani mwanamke wa sauti nyembamba.

"Umeme hakuna," nikasema.

"Ah, sawa. Ni vile nilimwambia. Merci, yaya."

Ni vile nilimwambia. Nilirudiarudia maneno hayo nikipika.

Alipokuja mume wangu nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia nataka ujumbe ule uje na kwangu. Akashangaa kweli, si kwa kuigiza.

"Wewe? Wewe si uko ndani ya nyumba? Utaambiwa na mtu wa ng'ambo kwamba umeme wako umeenda?"

"Siku nikiwa harusini sipo ndani ya nyumba. Na picha zangu zimo humo."

"Mambo haya hujawahi kuyapenda."

"Hujawahi kuniuliza."

Alikuna shingo. Akasema haya, lakini itabidi amwombe yule mwenzake, maana akaunti ni yake, yeye mwenyewe hana neno la siri. Basi nilisubiri ruhusa. Kuhusu nyumba yangu, sebule yangu, meza ambayo naifuta vumbi kwa mkono huu, nilisubiri ruhusa kutoka Bwera.

Ruhusa ilikuja upesi, na hilo nalo liliniudhi. Ujumbe wa kwanza uliingia nikiwa sokoni nikinunua nyanya. Ulikuwa wa Kiingereza, mfupi, unasema kwamba NYUMBANI iko chini. Jina hilo lilikuwa la Kiswahili, kwa herufi kubwa. Nyumbani. Nilimpigia mume wangu papo hapo.

"Nani ameipa mashine hilo jina?"

"Jina gani?"

"Nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

"Ni yeye aliandika. Kila mashine lazima iwe na jina. Mama watoto, hili nalo ni neno?"

Lilikuwa neno. Nilibeba nyanya zangu nikaondoka bila chenji, muuzaji akaniita nirudi.

Zikapita wiki. Nilizoea kutetema kwa simu, iko chini, iko juu. Lakini sikuzoea kujua kwamba kila inapotetema yangu, na nyingine inatetema Bwera. Hatukuwahi kuonana, na bado mara kadhaa kwa juma tulikuwa tukiangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Siku ya jambo lenyewe nilikuwa Bwera. Kulikuwa na harusi katika parokia ya Kikatoliki, bibi arusi binti wa wafanyabiashara wa Kongo, na watu wengi, vitenge vya sare na tarumbeta. Mume wangu alikuwa amevuka asubuhi kwenda Kasindi kutengeneza mashine za duka moja. Nyumbani Kasese nilimwacha mama mkwe peke yake, mtoto akiwa shuleni. Alikuwa amekataa uji, nikamwambia asikae na njaa baada ya sindano ya sukari, akanijibu kwamba alikuwa anajidunga sindano hizo kabla mimi sijajua kuvaa gauni.

Simu ilitetema maharusi wakitoka kanisani. Niliitazama kwa pembe ya jicho. NYUMBANI iko chini. Nikapiga picha za ngazini, za wazee, za wasimamizi, nikisubiri ule ujumbe wa pili, kwamba imerudi. Haukuja. Si ajabu, nikajiambia, ni umeme. Lakini nilikuwa nikiitazama simu kila baada ya picha. Nikamwomba msaidizi wa mchukua video anishikie nafasi, nikasogea kando ya ukuta nikapiga simu ya mama mkwe. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama mkwe hakosi simu. Anaiweka kifuani, ndani ya nguo, na anaipokea kwa kupiga kelele.

Nikampigia muuza samaki.

"Jirani, stima ipo huko?"

"Ipo! Nasikiliza redio."

"Tafadhali kimbia kwangu. Mama hapokei simu."

Hakukata. Nilisikia kandambili zake zikipiga chini, pumzi, mlango wa bati wa uani ukigongwa, halafu sauti za watu. Sauti ya mwanamume.

"Jirani," akasema, "kuna mtu tayari humu. Yule mpiga picha wa studio ya juu, mwenye kofia. Amemwinua mama. Mama ameanguka, mwili wote jasho, anaongea maneno hayaeleweki."

"Sukari imeshuka! Mpe sukari! Weka kwenye maji, mpe!"

"Anampa. Anampa soda. Anasema ameambiwa kwa simu ampe soda."

"Ameambiwa na nani?"

Jirani akauliza, nikasikia jibu kabla hajanirudishia. Na mwanamke wa Bwera.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe alijisikia kizunguzungu akapita sebuleni kwenda jikoni. Akashika kona ya meza, akashika kitambaa chake cha kufuma, na alipoanguka kitambaa kilivuta waya na waya ukachomoa kile kisanduku cha intaneti. Seva yenyewe haikuzimika. Ilikuwa na betri yake, ilibaki imewaka pale mezani ikijaribu kupiga hodi kila dakika tano, ila haikuwa na njia ya kutokea. Kule nje mkaguzi akasubiri, akavumilia muda wake, akatoa habari.

Habari ikatufikia sote wawili kwa pamoja. Mimi nilikuwa na bibi arusi mbele yangu. Yule wa Bwera alikuwa na kioo cha kompyuta mbele yake, na kwenye kioo hicho kulikuwa na mashine nyingine ya mtaa wetu, ya yule mwenye studio ya juu, nayo ilikuwa inapiga hodi zake kama kawaida. Umeme mmoja, kampuni ya intaneti moja. Akaelewa kwamba shida si ya mtaa, ni ya nyumba. Namba ya mama mkwe alikuwa nayo, sikujua kwa nini alikuwa nayo. Alipiga, haikupokelewa. Akampigia mwenye studio, akamtuma.

Mimi nilifika kwenye wazo hilohilo kwa njia yangu, kwa redio ya muuza samaki. Nilifika baada yake.

Niliondoka harusini jioni baada ya kumaliza meza kuu. Mama mkwe alikuwa hospitalini, ameketi kitandani, ana chupa ya maji mkononi na uso umerudi. Mume wangu alifika gizani, vumbi la Kasindi kwenye nyusi. Alimshika mama yake miguu. Mama mkwe akasema kwa Kikonzo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikose:

"Yule mtoto wa Bwera ndiye aliniokoa. Mungu amzidishie."

"Na mkeo naye alipiga simu, mama," akasema mume wangu, na alipokosea akajirekebisha, "mkazamwana wako."

"Ndiyo, na huyu," mama mkwe akasema, akanipapasa mkono. "Lakini yule wa Bwera alikuwa wa kwanza."

Nilikwenda nje kununua chapati ambazo hakuna aliyeziagiza. Nilikuwa nimefurahi, nasema kweli, nilimpenda yule mzee. Na juu ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kichungu kama kwinini, kwamba hata hili alinitangulia. Kama mama angekufa ningelia. Alipona, na nikashindwa kushukuru bila kuuma meno.

Alipopata nguvu, mama mkwe alinikabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu na kifurushi cha kahawa ya kutoka milimani. Nimpelekee mwokozi wake. Nilisema mume wangu atapeleka. Akanisukumia jogoo mikononi.

"Mwanamume hapelekei mwanamke jogoo," akasema. "Nenda wewe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama mkwe alikuwa ameona kila kitu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maua mlangoni. Nilimkuta ameinama juu ya printa, mikono imejaa wino, mwanamke mnene kiasi, mrefu kuliko mimi, nywele zimesukwa vizuri kabisa. Niliyatazama macho yake nikasikitika kwamba ni mazuri. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

"Oh, yaya! Mama iko muzuri? Kaa, kaa hapa. Mutu alinipa soda asubuhi, iko bado baridi."

Nilikaa. Tulizungumza habari za sukari, alisema mama yake kule Butembo alikufa na ugonjwa huo, ndiyo sababu aliijua soda. Alikuwa na namba ya mama mkwe kwa sababu mzee mwenyewe alimpigia zamani akitafuta mwanawe, wakawa wanasalimiana. Kila jibu lilikuwa safi. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu yamepangwa, na kila moja lilipata jibu safi, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Nionyeshe," nikasema mwishowe. "Nionyeshe nyumba yangu."

Akageuza kioo. Mistari ya majina, kila jina na duara lake la kijani. Redio. Kliniki. Studio. NYUMBANI. Akaibonyeza, ikafunguka orodha ndefu ya hodi zetu, moja chini ya nyingine, na pale palipokuwa na kimya palikuwa na rangi nyekundu. Niliiona siku ya pasi. Niliiona siku ya kuanguka kwa mama. Niliona juma zima la mvua. Huyu mwanamke alikuwa na maisha ya sebule yangu, na mimi niliyeyaishi sikuwa nayo.

"Kwa nini uliiita Nyumbani?"

"Mimi?" Akacheka. "Ni yeye aliandika. Mi nilitaka kuandika Kasese mbili."

Mmoja wao alikuwa amesahau, au mmoja alidanganya. Nilimtazama usoni, hakukwepa.

"Mlikuwa na kitu ninyi wawili, Kampala?"

Alifuta wino kwenye vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mi nilimupenda," akasema. "Yeye alikuwa anapenda kompyuta. Kisha akapenda wewe. Mambo ya zamani, yaya. Sasa niko naangalia masini tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hiyo nikauliza kitu kingine, nikauliza hizo hodi zinajuaje njia. Akanieleza kwa uvumilivu, kama mwalimu: kila mashine ina anwani yake ndefu isiyofanana na nyingine, na ndani ya seva kuna mstari mmoja tu kwenye ratiba ya kazi unaosema, kila dakika tano fungua anwani hii. Mwenye akaunti ndiye anayeamua ujumbe uende kwa nani. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti. Nilimsikiliza kwa makini sana. Sidhani kama alijua ananipa nini. Au alijua.

Nilirudi Kasese. Asubuhi moja, mtoto yuko shule, mama mkwe anaota jua uani, nilifungua akaunti yangu. Nikaweka namba yangu, nikaweka ya mume wangu. Nikaiita mashine kwa jina la mtaa wetu. Nikapewa anwani. Halafu nikaingia kwenye seva kutoka kompyuta yangu, kwa neno la siri alilolitumia mume wangu kwa kila kitu duniani, nikautafuta ule mstari mmoja. Nikafuta anwani ya zamani, nikabandika mpya, nikahifadhi.

Nikasubiri. Hodi ya kwanza iliingia, duara langu likawa la kijani. Sikuwahi kuona kijani kizuri kama kile. Nikapika chai. Baada ya muda simu ikatetema, ujumbe uleule wa siku zote kutoka akaunti ya Bwera: NYUMBANI iko chini. Na kwenye kioo changu nyumba ileile ilikuwa juu, inapiga hodi kwangu.

Simu ikaita. Namba yake nilikuwa nimeihifadhi.

"Yaya, masini yenu inanyamaza. Kura iko? Mama iko muzuri?"

"Umeme upo. Mama yuko uani."

"Sasa iko nini?"

"Haijazimika," nikasema. "Imehama."

Nilisikia pikipiki ikipita barabarani kwake, kule Bwera.

"Umebadilisha mustari," akasema.

"Nimebadilisha."

"Uliweka muda wa kuvumilia? Usiweke mufupi, itakusumbua na mvua."

"Dakika kumi."

"Ni muzuri." Akavuta pumzi. "Basi mi nitafuta hii ya kwangu. Salimia mama."

Nilikuwa nimengoja kushinda kwa kelele. Alinipa ushindi kwa sauti ileile ya chini, na nikabaki na simu mkononi.

Mume wangu aliporudi Jumamosi alikuwa ameshajua. Alikula bila kuinua kichwa. Binti yetu alipotoka kucheza ndipo aliposema.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake. "Ningesema tusubiri," akasema. Halafu akauliza neno la siri la akaunti, nikamwambia ninalo mimi. Alinitazama, akaitazama mashine chini ya kitambaa chake, akajaribu kukasirika, akashindwa, akaomba chai.

Hatukuzungumza tena juu ya Kampala. Sikumwambia alichoniambia yule mwanamke, na sijui kama yeye alikuwa anakijua. Seva ile ilikufa miaka michache baadaye, diski moja ikaanza kugonga kama saa mbovu, tukanunua nyingine, na ratiba yake niliiandika mimi. Wapiga picha wa Bwera sasa wananipigia mimi moja kwa moja. Nikienda kule kwa harusi napita mbele ya mlango wenye pazia la maua, kwa sababu barabara ni moja. Tunasalimiana vizuri, ananiuliza mama, namuuliza kazi. Na kila mara, kabla sijainua macho kumtazama, naangalia kwanza viatu vilivyovuliwa pale mlangoni, nikitafuta vya mume wangu.